Waliotazama Nusu ya Tangazo: Gharama Ndogo Isikupotoshe

Mfanyabiashara anayelipia matangazo ya video Facebook na Instagram hukutana na jambo hili mapema. Akitengeneza tangazo la pili na kulielekeza kwa watu waliokwisha kutazama nusu ya lile la kwanza, ripoti humwonyesha kwamba kila mteja aliyepatikana kwenye kundi hilo amemgharimu fedha kidogo kuliko mteja aliyetoka kwa watu wapya, yaani wale ambao hawajawahi kuiona biashara yake. Tofauti yenyewe huwa kubwa, na uamuzi unaofuata huonekana hauna ubishi: punguza fedha za watu wapya, ongeza za watazamaji wa nusu. Uamuzi huo, ukichukuliwa kwa kuitazama ripoti peke yake, mara nyingi ni wa makosa. Kuwarudia watazamaji si kazi bure, na nitaonyesha mahali inapolipa. Tatizo ni kwamba ripoti inaweka bega kwa bega makundi mawili ambayo hayakuanza safari mahali pamoja, kisha inamwachia msomaji adhani kwamba tofauti yote imeletwa na tangazo.

Tuchukue biashara ya kufikirika ili hesabu ionekane. Muuzaji wa mashine za kutotolesha vifaranga yuko Dar es Salaam, anauza mashine ya mayai 64 kwa shilingi 350,000, na kila mashine inamwachia faida ya shilingi 70,000 kabla ya kulipia tangazo. Video yake ni ya sekunde 40, na mwisho wake kuna kitufe cha kumpeleka mtu WhatsApp. Hii si bidhaa ya kununua kwa pupa. Mfugaji atauliza bei, atauliza mashine inatumia umeme kiasi gani, atazungumza na mwenzake nyumbani, huenda akasubiri kuku waanze kutaga. Kati ya siku aliyoiona video na siku anayotuma fedha panaweza kupita wiki mbili au tatu, na ni kipindi hicho kinachofanya wazo la kumrudia mtazamaji liwe na mantiki.

Swali la kwanza ni nusu ya nini. Katika Ads Manager, ukifungua Audiences, ukachagua Custom audience kisha Video, utapewa viwango kadhaa: waliotazama sekunde 3, sekunde 10, asilimia 25, 50, 75 au 95 ya video, pamoja na wale wanaohesabiwa kwa jina la ThruPlay, yaani waliomaliza video au kufikisha angalau sekunde 15. Asilimia 50 huchaguliwa kwa sababu inasikika kama kipimo cha wastani, lakini yenyewe haina maana hadi ujue urefu wa video na kilichomo. Nusu ya video ya sekunde 10 ni sekunde 5, muda ambao mtu anaweza kuupitisha kidole kikiwa kimepumzika tu juu ya kioo, kwa kuwa video hujicheza yenyewe anapopita. Nusu ya video ya dakika tatu ni sekunde 90, na aliyefika hapo ni mtu wa aina nyingine kabisa. Kwa hiyo usianze na asilimia, anza na maudhui. Katika video ya mfano wetu, bei inatajwa sekunde ya 9 na maelezo ya kidhibiti joto yanaisha sekunde ya 19. Anayefika sekunde ya 20 ameshasikia bei na hakukimbia, na hiyo ndiyo taarifa unayoilipia. Ingekuwa bei inatajwa sekunde ya 35, orodha ya waliofika nusu ingejaa watu waliovutiwa na kifaranga anayetoboa ganda, wakiwemo watoto wanaoshika simu za wazazi, na isingekuambia lolote kuhusu uwezo wala nia ya kununua. Katika hali hiyo ama uihamishe bei mbele, ama uchukue asilimia 95 badala ya 50.

Muda wa orodha nao unahitaji kuamuliwa kwa akili. Mfumo unakuruhusu kumweka mtazamaji kwenye orodha hadi siku 365, na wengi huuchukua muda huo mrefu kwa sababu orodha inakuwa kubwa. Aliyetazama miezi kumi iliyopita ama alishanunua kwingine, ama ameshasahau, na ukimchanganya na aliyetazama juzi hutajua wastani unaousoma unamhusu nani. Kwa bidhaa ambayo uamuzi wake huchukua wiki mbili au tatu, siku 30 zinatosha. Ondoa pia waliokwisha kununua kwa kupakia orodha ya namba zao za simu, na waliokwisha kukutumia ujumbe, maana hao wanahitaji jibu la mtu, hawahitaji tangazo.

Tangazo la pili lenyewe lisiwe marudio ya la kwanza. Aliyefika sekunde ya 20 anaijua bei na anajua mashine inafanya nini, na kilichomzuia kipo mahali pengine. Kwa mashine ya kutotolesha, zuio kubwa ni umeme kukatika. Mayai ya kuku huhitaji joto la karibu nyuzi 37.5 kwa siku 21, na kukatika kwa saa nyingi kunaweza kuharibu trei nzima. Tangazo la pili linaloonyesha mashine ikihama kutoka umeme wa kawaida kwenda betri ya volti 12, bila kupoteza joto, linajibu swali ambalo mtazamaji analo tayari. La tatu linaweza kuonyesha vipuri na mahali pa kutengenezea. Ukirudia video ileile kwa watu walewale, utakuwa umelipa mara mbili kuwaambia wanachokijua.

Sasa tuingie kwenye ripoti. Tuseme mwezi umeisha na muuzaji wetu ametumia shilingi 1,000,000 kwa watu wapya, akauza mashine 20, na shilingi 200,000 kwa watazamaji wa nusu, akauza 10. Kila mteja mpya amegharimu shilingi 50,000, na kila mteja wa kurudiwa shilingi 20,000. Ukitoa kwenye faida ya 70,000, wa kwanza amebakiza 20,000 na wa pili 50,000. Ni nani asingetamani kuhamisha fedha zote kwenda upande wa pili?

Lakini hebu jiulize waliofika nusu ya video ni akina nani. Hakuna aliyewachagua kwa kura, wamejichagua wenyewe. Ndani yao wapo waliokuwa wakitafuta mashine kabla hujawatokea, wapo waliohifadhi namba yako iliyoandikwa kwenye video, na wapo ambao wangekupigia Jumamosi baada ya mshahara bila kuliona tangazo lolote la pili. Tangazo la pili likimkuta mtu wa namna hii saa chache kabla hajapiga, akabofya kwa kuwa kitufe kiko karibu, ripoti italipa tangazo hilo sifa ya mauzo yote. Fedha zako zimemfikia mtu aliyekuwa njiani tayari.

Jambo hili limepimwa kwingine, na matokeo yake yanapaswa kumzindua yeyote anayeiamini ripoti bila swali. Watafiti Blake, Nosko na Tadelis walichapisha mwaka 2015, katika jarida la Econometrica, majaribio yaliyofanywa na kampuni ya eBay. Kampuni hiyo ilikuwa ikilipia matangazo kwa watu walioandika jina lake kwenye mitambo ya utafutaji, na kwa kuwa wengi waliobofya walikuwa wananunua, matangazo hayo yalionekana kama dhahabu. Yaliposimamishwa, karibu wageni wote, asilimia 99.5, waliendelea kuingia kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Hao walikuwa wameshaamua kwenda eBay, na tangazo liliwafungulia mlango uliokuwa wazi. Ulio karibu zaidi na mada yetu ni utafiti wa Johnson, Lewis na Nubbemeyer wa mwaka 2017 kuhusu duka lililowarudia watu waliokuwa wametembelea tovuti yake. Wao waligawa watu kwa nasibu, wakaangalia wale ambao wangeonyeshwa tangazo lakini hawakuonyeshwa. Tangazo la kurudia liliongeza manunuzi kwa asilimia 10.5. Ongezeko hilo ni la kweli na lina thamani, ila linamaanisha kwamba kati ya manunuzi kama 110 ya walioonyeshwa tangazo, takriban 100 yangetokea hata bila tangazo hilo. Ripoti ya kawaida isingeweza kuyatenganisha yale kumi na yale mia.

Mtu makini atasema hapo: aliyetembelea tovuti ya duka yuko karibu na kununua kuliko aliyetazama sekunde 20 za video, kwa hiyo mfano huo ni mkali mno kwetu. Ni kweli, na ninaikubali hoja hiyo kwa uzito wake. Kadiri mtu anavyokuwa mbali na kununua, ndivyo uwezekano wa kwamba angenunua bila kusukumwa unavyopungua, na ndivyo tangazo linavyopata nafasi ya kubadilisha kitu. Mtazamaji wa nusu yuko katikati: si mgeni kabisa, wala hajafika dukani. Hii ndiyo sababu sitakupa asilimia ya mtu mwingine uibandike kwenye biashara yako. Sehemu ya mauzo ambayo yangekuja yenyewe itategemea bidhaa, bei, na kama namba yako ya simu inaonekana mapema kwenye video. Inabidi uipime mwenyewe.

Kabla ya kupima, rudi kwenye hesabu uone uzito wa jambo. Chukulia kwamba kati ya wale 10 wa kurudiwa, 6 wangenunua tu hata bila tangazo la pili. Basi shilingi 1,000,000 za watu wapya zilikuwa na uwezo wa kuleta mauzo 26, si 20, na gharama yake halisi ni kama shilingi 38,500 kwa kila mashine. Shilingi 200,000 za kurudia zimeleta mauzo 4 ya nyongeza, kila moja kwa shilingi 50,000. Mpangilio umegeuka juu chini. Kundi lililoonekana ghali ndilo nafuu, na lililoonekana nafuu ndilo ghali. Hata hivyo angalia kwamba bado kuna faida ya shilingi 20,000 katika kila moja ya mauzo hayo manne, kwa hiyo jibu si kulifuta tangazo la kurudia. Jibu ni kutolihamishia fedha za watu wapya kwa kufuata gharama ya 20,000 kwa kila mteja, ambayo haikuwepo kiuhalisia.

Kuna upotofu mwingine unaoingia kimyakimya, nao ni orodha kuvuja. Kama hukuwaondoa watazamaji wa nusu kwenye tangazo la watu wapya, mfumo utawaonyesha hao pia, maana unawaona ni rahisi kubofya, na kundi unaloliita la watu wapya litakuwa na wazoefu ndani yake. Upande wa pili ni mbaya zaidi. Unapotumia mpangilio wa Advantage+ audience, orodha unayoiweka inaweza kuchukuliwa kama pendekezo tu, na mfumo ukaenda nje yake ukimtafuta yeyote unayemdhania atajibu. Namna ya kugundua ni nyepesi: linganisha idadi ya watu waliofikiwa, safu inayoitwa Reach, na ukubwa wa orodha. Orodha ya watu 9,000 haiwezi kufikia watu 40,000. Ukiona hivyo, tangazo lako la kurudia linaenda kwa wageni, na ulinganisho wote wa mwezi huo hauna thamani. Hakikisha orodha imewekwa kama mpaka, na kwamba imeondolewa waziwazi upande wa watu wapya. Wenye kuuza kupitia tovuti waongeze hatua moja: mfumo kwa kawaida hulihesabia tangazo mtu aliyeliona tu bila kubofya kisha akanunua ndani ya siku moja. Kwa watu waliokwisha kukujua, sifa hiyo hutolewa kwa ukarimu kupita kiasi, kwa hiyo fungua Compare attribution settings na usome safu ya waliobofya peke yake.

Sasa kipimo chenyewe. Meta wana majaribio ya kupima ongezeko la mauzo, lakini si kila akaunti inayapata, na kwa muuzaji wa WhatsApp ambaye mauzo yake hayarekodiwi na tovuti, hayamfai sana. Iko njia inayowezekana kwa chombo ambacho kila mtu anacho, jaribio la A/B test, ambalo hugawa watu kwa nasibu ili kila mmoja aone upande mmoja tu, kwa muda usiozidi siku 30. Pakia video yako mara mbili. Ziwe sawa kwa kila kitu isipokuwa namba ya simu inayoonekana kwenye kioo na ujumbe ulioandikwa tayari ambao mteja huutuma anapofungua WhatsApp. Iite moja A na nyingine B, uzielekeze kwa watu wapya kwa bajeti sawa. Kisha tengeneza orodha ya waliotazama nusu ya A peke yake, na uwarudie hao tu kwa tangazo la betri, ukitumia namba ileile ya A. Waliotazama nusu ya B uwaache kabisa. Mwisho wa mwezi usihesabu mauzo ya tangazo la kurudia. Hesabu mauzo yote yaliyokuja kwa namba ya A, kwa njia yoyote, na yote yaliyokuja kwa namba ya B. Kwa kuwa watu waligawanywa kwa nasibu, kundi la A na la B lilikuwa na wafugaji wenye nia kwa kiwango kimoja, na kinachozidi upande wa A ndicho kilicholetwa na kurudia. Sharti moja lisivunjwe: video hizo zisiwekwe kwenye ukurasa wako wala kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwani wa B wataiona A na mpaka utafutika.

Tuseme muuzaji wetu ametumia shilingi 1,000,000 kila upande na 200,000 za kuwarudia wa A. Namba ya A imeleta mauzo 30, namba ya B 26. Ripoti inasema kurudia kumeleta 10, kipimo kinasema 4. Lakini hata hiyo 4 usiikumbatie haraka, kwa sababu idadi ndogo huyumba zenyewe. Iko kanuni ya mkato inayotosha kwa matumizi ya duka: jumlisha mauzo ya pande zote mbili, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha zidisha kwa mbili. Tofauti isiyozidi hapo inaweza kuwa bahati tu. Jumla yetu ni 56, kipeuo chake ni karibu 7.5, mara mbili ni 15. Tofauti ya 4 iko mbali sana na 15. Kwa lugha ya wazi, mwezi mmoja wa mauzo haujathibitisha kwamba kurudia kumesaidia, wala haujathibitisha kwamba hakukusaidia.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye ripoti, ilhali suluhisho lipo hatua moja nyuma ya mauzo. Hesabu watu waliouliza kwa dhati, yaani waliouliza bei ya kusafirisha, mahali ulipo au namna ya kulipa. Hao ni wengi kuliko wanunuzi, hivyo hesabu yao haiyumbi sana ukilinganisha na ukubwa wake. Hesabu namba za simu, usihesabu jumbe, kwani mtu mmoja aliyerudiwa anaweza kuandika mara tatu. Kama A imeleta waulizaji 290 na B 240, jumla ni 530, kipeuo ni 23, mara mbili ni 46, na tofauti ya 50 inaupita mstari huo, japo kwa kidogo. Shilingi 200,000 zimenunua waulizaji 50 wa nyongeza, sawa na 4,000 kila mmoja. Upande wa B, waulizaji 240 kwa shilingi 1,000,000 ni kama 4,170 kila mmoja. Gharama zinakaribiana. Katika mfano huu, kurudia ni kitu kinachofanya kazi, kwa bei karibu ileile ya watu wapya, na ule unafuu wa mara mbili na nusu uliosomwa kwenye ripoti haupo.

Yupo atakayesema kwamba huu ni mzigo wa makampuni makubwa, na kwamba mwenye bajeti ya shilingi 300,000 kwa mwezi hawezi kuendesha pande mbili. Yeye apime kwa zamu. Aache tangazo la watu wapya liende bila kuguswa miezi miwili. Mwezi wa kwanza awashe la kurudia nusu ya kwanza ya mwezi na kulizima nusu ya pili, na mwezi unaofuata ageuze, alizime kwanza na kuliwasha baadaye. Mgeuzo huo ni wa lazima kwa sababu ya mishahara. Asipogeuza, mwisho wa mwezi wenye fedha utaangukia upande mmoja, na atalisifu au kulilaumu tangazo kwa jambo lililofanywa na tarehe. Kipimo hiki ni dhaifu kuliko cha kugawa watu, kwani aliyeona tangazo tarehe 14 anaweza kununua tarehe 18 na kuhesabiwa upande usio wake, na siku kama za Idi, Krismasi au ada za shule huvuruga mambo. Lakini kikionyesha kwamba idadi ya waulizaji haikubadilika hata kidogo kurudia kulipozimwa, hiyo ni habari ya kutosha kwa mwenye bajeti ndogo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni hili: ulinganisho wangu unatumia gharama ya wastani ya watu wapya, ambapo swali la muuzaji ni shilingi 200,000 za ziada ziende wapi. Ukiziongeza kwa watu wapya, huenda zisilete wateja kwa bei ya wastani, kwa kuwa mfumo huanza na walio rahisi kupatikana na fedha za mwisho hufika kwa walio wagumu. Pingamizi hili ni sahihi, na dawa yake iko ndani ya jaribio lilelile. Ukishajua kwamba kurudia kunaongeza kitu, mwezi unaofuata wape B zile 200,000 kama nyongeza ya watu wapya, ili kila upande uwe umetumia 1,200,000. Hapo unalinganisha matumizi mawili ya fedha zilezile, na upande ulioleta waulizaji wengi zaidi ndio utakaokujibu.

Kikomo cha mwisho ni ukubwa wa orodha. Kama shilingi 1,000,000 imewafikia watu 150,000 na 9,000 kati yao wametazama nusu, basi hao 9,000 ndio soko lote la tangazo la pili. Tuseme kuonekana mara moja kunagharimu shilingi 8: kwa 200,000 tangazo litaonekana mara 25,000, chini kidogo ya mara tatu kwa kila mtu, kiasi kinachostahimilika. Ukipeleka 600,000, litaonekana zaidi ya mara nane kwa watu walewale, wakiwemo wengi walioamua zamani kwamba hawataki mashine. Dalili zake huonekana kwa mpangilio: safu ya Frequency inapanda, waulizaji wapya wanapungua, kisha watu wanaanza kulificha tangazo. Na ukiwa umezitoa fedha hizo kwa watu wapya, hakuna anayeingia kwenye orodha kuchukua nafasi ya wanaotoka baada ya siku 30. Kwa wiki mbili za kwanza ripoti itakusifu, kwa sababu unavuna waliopandwa mwezi uliopita. Mwezi wa pili utakuta orodha imekauka.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye video ya urefu huu na bidhaa ya kufikiriwa ni kutenga kwa watazamaji wa nusu kama shilingi moja kati ya kila sita za bajeti, kuweka bei ndani ya nusu ya kwanza ya video, kuwaonyesha tangazo la pili lenye jibu jipya, na kutopandisha kiwango hicho hata ripoti ikivutia namna gani hadi namba mbili za simu zikueleze wateja wa nyongeza ni wangapi. Anza na namba hizo kabla ya tangazo lako lijalo, maana baada ya mwezi kwisha hakuna njia ya kurudi nyuma kuzitenganisha.